Sarafu Nayo Huchora W

Mwana wa kaka yangu anakaa Langoni, hapa Lamu mjini, na jioni nyingi humkuta barazani na wenzake, simu mkononi, chati ya EUR/USD, yaani bei ya yuro kwa dola, imefunguliwa. Vijana wengi wa rika lake wanafanya foreksi, biashara ya fedha za kigeni, kwa simu. Mafunzo wanayoyanunua kwenye makundi ya WhatsApp na Telegramu karibu yote ni ya kusoma chati: mishumaa, yaani vijiti vinavyoonyesha mwendo wa bei kwa kila kipindi, sakafu na dari za bei, kichwa na mabega, na ile W ambapo bei hushuka mara mbili hadi mahali pamoja kisha ikapanda. Majuzi alinijia na hesabu yake.

"Ami, nimeihesabu W kwenye chati ya dakika 15. Imetokea mara 40, na mara 26 bei imepanda nilivyotaka. Hiyo ni asilimia 65. Nitie pesa?"

Nafundisha hesabu, na nililifurahia swali lake kwa sababu lilikuja na tarakimu. Mtu akikwambia kwamba chati zinafanya kazi kwa kuwa rafiki yake amenunua pikipiki, huna pa kushika. Akikwambia 26 kati ya 40, mnaweza kukaa chini mkapima. Basi tulikaa, na nayaandika hapa tuliyoyapima, maana najua si yeye peke yake mwenye swali hilo.

Kwanza nilimtaka atengeneze chati isiyo na soko ndani yake. Kwenye lahajedwali ya simu, chembe A1 aliandika 100, na A2 akaandika hivi:

```
=A1+IF(RAND()<0.5,-1,1)
```

Kisha akainakili kushuka hadi mstari wa 300 na kuchora mstari wa grafu. Hiyo ni sarafu inayorushwa mara 299: ikianguka upande mmoja bei inapanda moja, ikianguka upande wa pili inashuka moja. Hakuna wanunuzi, hakuna benki kuu, hakuna habari ya ajira kutoka Marekani. Kila ukiandika kitu popote kwenye lahajedwali, chati inajichora upya, na kila inapojichora utaona W, utaona mabega, utaona trendi ndefu inayopanda kwa muda wa hatua mia, kisha "inavunjika". Alipoziona alianza kunionyesha mahali ambapo angenunua.

Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1900, Mfaransa Louis Bachelier aliandika tasnifu mjini Paris akieleza bei za soko la hisa kama mwendo wa kubahatisha, ambapo hatua ya kesho haifungwi na hatua ya jana. Mwaka 1959, Harry Roberts wa Chuo Kikuu cha Chicago alijumlisha namba za bahati nasibu na kuonyesha kwamba grafu inayopatikana inafanana na ya soko la hisa la Marekani, pamoja na maumbo yale yale ambayo wasomaji wa chati huyapa majina.

Sababu yake inafaa kueleweka vizuri. Hatua za sarafu hazina kumbukumbu, lakini bei ni jumla ya hatua zote zilizopita, na jumla hiyo haisahau kitu. Sarafu ikianza kwa bahati kuelemea juu, hakuna nguvu inayoirudisha 100. Inabaki huko juu ikiyumba, na inaweza kukaa upande mmoja wa mahali ilipoanzia kwa muda mrefu sana. Jicho linauona mwendo huo kama nia. Kwa hiyo kuiona W kwenye chati hakuthibitishi lolote. Kinachotakiwa kuthibitishwa ni kwamba baada ya W, bei ya soko hufanya kitu ambacho sarafu haikifanyi, na kwamba hicho kitu kinazidi gharama ya kukifuata.

Sasa turudi kwenye 26 kati ya 40. Sarafu ikirushwa mara 40 tunatarajia 20, lakini bahati huyumba. Uwezekano wa kupata 26 au zaidi kwa sarafu iliyo sawa ni karibu asilimia 4. Kijana alipolisikia hilo alichangamka: "Basi si bahati, Ami!" Na lau angekuwa ameamua kabla ya kuangalia kitu chochote kwamba ataipima W hii moja, kwa kanuni hii moja, mara 40 na si zaidi, ningekubaliana naye kwamba ina dalili njema.

Nikamwuliza amejaribu maumbo mangapi kabla ya W. Alifikiri kidogo akasema kama 20. Alijaribu M, pembetatu, bendera, mshumaa wa nyundo. Alijaribu W hiyo hiyo kwenye dakika 5, kwenye saa 1, kwenye saa 4. Akaijaribu kwa kungoja mshumaa ufunge na bila kungoja. Ile ya dakika 15 ndiyo iliyotoka bora, na ndiyo aliyoniletea.

Hapo ndipo hesabu inapobadilika kabisa. Chukua kanuni 20 ambazo zote ni sarafu tupu. Kila moja ina uwezekano wa asilimia 96 wa kutofika 26. Uwezekano kwamba zote 20 hazifiki ni 0.96 ikizidishwa yenyewe mara 20, yaani karibu 0.44. Maana yake, kwa asilimia 56 hivi, angalau kanuni moja isiyo na thamani yoyote ingefikisha 26 au kuipita. (Kanuni zake hazijitegemei kabisa, kwa hiyo namba hii ni ya kukadiria, lakini sura ya jambo haibadiliki.) Matokeo yaliyoonekana ya ajabu yanakuwa ya kutarajiwa. Hakudanganya mtu, alitafuta, akachagua bora, na ile bora hubeba bahati yake ndani.

Wataalamu nao walipita njia hiyo hiyo, na kisa chao nakiona ndicho chenye mafunzo kuliko vyote. Mwaka 1992, William Brock, Josef Lakonishok na Blake LeBaron walichukua bei za Dow Jones, faharasa ya hisa za Marekani, kuanzia 1897 hadi 1986, karibu miaka 90, wakapima kanuni rahisi za chati: nunua bei ikiwa juu ya wastani unaosogea, yaani wastani wa bei za siku za karibuni, uza ikiwa chini yake, nunua ikivunja dari ya siku nyingi, uza ikivunja sakafu. Siku zilizofuata ishara za kununua zilikuwa na faida kubwa kuliko zilizofuata ishara za kuuza, na mwendo wa kubahatisha haukuweza kuieleza tofauti hiyo. Wapenzi wa chati walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini kanuni za wastani unaosogea hazikuanguka kutoka mbinguni. Ni zile zilizosalia katika vinywa vya wafanyabiashara baada ya nyingine nyingi kujaribiwa na kutupwa. Mwaka 1999, Ryan Sullivan, Allan Timmermann na Halbert White waliunda orodha ya kanuni karibu 8,000 na kuzipima zote, wakitumia mbinu inayozingatia kwamba ile bora imechaguliwa kutoka kundi kubwa. Katika data ya zamani, kanuni bora ilistahimili hata kipimo hicho kikali. Kisha wakaipeleka kwenye miaka 10 iliyofuata, 1987 hadi 1996, ambayo haikutumika kuichagua. Hapo haikuonyesha ubora wowote wa kutegemewa.

Kwa nini? Huenda sehemu ya matokeo ya kwanza ilikuwa bahati iliyobaki. Huenda pia soko lenyewe lilibadilika, na hapa kuna tofauti kubwa na elimu tunayoijua sisi watu wa bahari. Nahodha akijua kwamba kusi huvuma kuanzia Aprili, hata manahodha wote wa Lamu, Pate na Kiwayuu wakilijua hilo, kusi haibadiliki. Bei hubadilika. Wengi wakijua kwamba bei hupanda siku ya pili baada ya ishara fulani, watanunua siku ya kwanza, kisha saa ile ile ya ishara, mpaka kupanda kule kunamalizwa kabla wewe hujafungua simu. David McLean na Jeffrey Pontiff walilipima hili katika makala yao ya 2016. Walichukua ishara 97 za kutabiri faida za hisa zilizowahi kuchapishwa na wasomi. Nje ya data iliyozigundua, faida zake zilikuwa pungufu kwa asilimia 26. Baada ya kuchapishwa, zilikuwa pungufu kwa asilimia 58.

Haya yote hayasemi kwamba chati ni upuuzi mtupu, na sipendi wanaosema hivyo kwa sababu wanapuuza ushahidi kama wanavyoupuuza wauza mafunzo. Mwendo wa kubahatisha kamili haupo. Andrew Lo na Craig MacKinlay walionyesha mwaka 1988 kwamba mabadiliko ya wiki kwa wiki ya hisa za Marekani hayalingani nao. Nalo jambo la sakafu na dari, ambalo vijana wetu hulipenda mno, lina msingi unaoeleweka. Mwanauchumi Carol Osler, alipokuwa Benki Kuu ya New York, alikusanya viwango vya sakafu na dari ambavyo makampuni 6 yalikuwa yakiwapa wateja wao, na katika utafiti wa mwaka 2000 akaonyesha kwamba bei za fedha za kigeni ziligeuka kwenye viwango hivyo mara nyingi kuliko kwenye viwango vilivyochaguliwa ovyo.

Miaka mitatu baadaye alionyesha utaratibu wake kwa kutumia maagizo halisi ya wateja wa benki kubwa. Watu hupenda namba za mviringo. Maagizo ya kuchukua faida hurundikana hasa kwenye namba zenyewe, mathalani zinazoishia na 00, kwa hiyo bei ikifika hapo hukutana na maagizo ya upande wa pili na mara nyingi hurudi. Maagizo ya kukata hasara hurundikana ng'ambo kidogo ya namba hizo, kwa hiyo bei ikifanikiwa kupita huyaamsha, nayo huisukuma mbele zaidi kwa kasi. Hii ni sababu yenye mwili: maagizo yaliyoandikwa, yenye bei na kiasi. Kila mara mtu akikuletea umbo la chati, mwulize ni nani aliye upande wa pili, na kwa nini anauza au kununua pale. Namba za mviringo zina jibu. W ya dakika 15, kwa kadiri nijuavyo, haina jibu lenye nguvu kama hilo.

Lakini bei kugeuka mara nyingi kidogo kuliko kawaida ni jambo moja, na wewe kufaidi ni jambo jingine. Katikati yake kuna gharama, na mwana wa kaka yangu hakuwa ameihesabu kabisa.

Kanuni yake ni kufunga biashara akipata pipsi 10 au akipoteza pipsi 10, pipsi ikiwa kipimo kidogo cha mwendo wa bei. Tuseme broka anamtoza pipsi 1.5, ambayo ni tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Tukiitoa kila mara, ushindi unakuwa 8.5 na hasara inakuwa 11.5. Ili asipate wala asipoteze anahitaji kushinda 11.5 kati ya 20, yaani asilimia 57.5. Sarafu inampa 50. Kwa hiyo kabla hajabofya ana deni la asilimia 7.5, na umbo lake la chati linapaswa kulilipa deni hilo kwanza.

Sasa tazama mtu mwenye kanuni nyingine, anayelenga pipsi 200 kwa hatari ya pipsi 200, kwa gharama ile ile. Yeye anahitaji asilimia 50.4 tu, ukiacha riba ya usiku anayotozwa kwa kuushikilia mkataba siku nyingi. Gharama inammeza zaidi yule anayefanya biashara za haraka na ndogo, na hizo ndizo zinazofundishwa sana, kwa kuwa broka hulipwa kwa kila biashara. Tukasema kwamba W yake ni sarafu: kila biashara inampotezea wastani wa pipsi 1.5. Kwa biashara ya ukubwa wa loti 0.1, pipsi moja ni dola 1. Akifanya biashara 40 kwa mwezi, dola 60 zimekwenda. Akaunti anayotaka kuifungua ni ya dola 200.

Tafiti za wafanyabiashara wenyewe zinaonyesha picha hiyo hiyo. Huko Brazili, watafiti waliwafuatilia watu walioanza kufanya biashara za siku moja moja kwenye mikataba ya faharasa ya hisa kati ya 2013 na 2015. Miongoni mwa walioendelea kwa zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza pesa. Hao ni wale waliovumilia, wenye mazoezi. Mwaka 2018, mamlaka ya masoko ya Ulaya ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida kwenye mikataba ya CFD, yaani ya kubashiri kupanda au kushuka kwa bei kupitia broka wa mtandaoni, hupata hasara.

Ipo faida ya chati ambayo imesimama vizuri kuliko zote, nayo ni ya polepole. Narasimhan Jegadeesh na Sheridan Titman walionyesha mwaka 1993 kwamba hisa za Marekani zilizofanya vizuri katika miezi 3 hadi 12 iliyopita ziliendelea kuzishinda zilizofanya vibaya katika miezi iliyofuata, kwa karibu asilimia 1 kwa mwezi, kati ya 1965 na 1989. Mwaka 2012, Tobias Moskowitz, Yao Hua Ooi na Lasse Pedersen walikuta kitu cha jamii hiyo kwenye mikataba 58 ya bidhaa, fedha, hati za dhamana na faharasa za hisa: kilichopanda kwa miezi 12 kilielekea kupanda mwezi uliofuata. Imeonekana katika masoko mengi na katika miaka iliyokuja baada ya ugunduzi, na watu wanaweza kuieleza: habari huwafikia wawekezaji kwa mafungu, wengine huchelewa kuamini, wengine hukimbilia kinachopanda.

Nayo ina maumivu yake. Kuanzia Machi hadi Mei 2009, hisa za Marekani zilizokuwa zimeanguka vibaya zaidi zilirudi juu kwa asilimia 163, wakati zilizokuwa zikiongoza zilipanda asilimia 8 tu. Aliyekuwa amenunua za mbele na kuuza za nyuma aliumia kwa wiki chache kiasi cha kupoteza faida ya miaka. Tena faida hii inatokana na kushika vitu vingi kwa pamoja kwa miezi. Hakuna kati ya hayo yanayofanana na kijana mwenye dola 200 na jozi moja ya fedha kwenye mishumaa ya dakika 15. Ukimwambia kwamba "trendi imethibitishwa na wasomi" bila kumwambia hivyo, umempotosha.

Chati humwambia ukweli mwingine mmoja, na huo ningependa aushike: ukubwa wa mtikisiko. Benoit Mandelbrot aliliona mwaka 1963 katika bei za pamba, kwamba mabadiliko makubwa hufuatwa na makubwa, ya juu au ya chini, na madogo hufuatwa na madogo. Mwelekeo haujulikani, lakini leo kukichafuka, kesho yaelekea kutachafuka pia. Hilo linatosha kumfanya mtu apunguze kiasi anachoweka siku hizo.

Baada ya yote hayo aliniuliza swali zuri: "Sasa nitajuaje kama W yangu ni ya kweli?" Jibu ni biashara mpya, ambazo hazikutumika kuichagua kanuni. Za zamani 40 zimeshatumika, haziwezi kutoa ushahidi tena.

Kwanza aiandike kanuni kwa maneno ambayo mtu mwingine angeweza kuifuata bila kumwuliza kitu. Vibonde viwili vya W vipishane kwa pipsi ngapi? Vitenganishwe na mishumaa mingapi? Ananunua bei ikigusa kilele cha katikati, au mshumaa ukifunga juu yake? Alipoanza kuandika aligundua kwamba katika zile 40 kulikuwa na nyingine ambazo aliziita W kwa kuwa bei ilipanda baadaye. Hilo huwapata karibu wote wanaohesabu kwa kurudi nyuma kwenye chati, kwa sababu upande wa kulia umeshaonekana.

Kisha idadi. Tuliihesabu hivi: ikiwa kweli anashinda asilimia 65, na mstari wa gharama ni 57.5, pengo ni 7.5, na ili pengo hilo liwe mara mbili ya mtikisiko wa bahati anahitaji biashara 160 hivi. Lau uwezo wake wa kweli ungekuwa asilimia 60, pengo lingekuwa 2.5 tu, na angehitaji biashara zaidi ya 1,500 kulithibitisha. Ndiyo maana mtu anayejisifu kwa faida ya mwezi mmoja hawezi kujua anachodai kukijua, hata akiwa mkweli kabisa.

Kwa hiyo anazifanya 160 kwenye akaunti ya demo, na kwa kila moja anaandika daftarini saa, bei ya kuingia, pipsi alizotozwa na matokeo. Ile gharama anaiandika kwa kuangalia bei za akaunti ya kweli, maana ya demo mara nyingi huwa nyororo zaidi, hasa dakika za habari kubwa ambapo pengo la bei hupanuka na agizo la kukata hasara linaweza kutekelezwa mbali na ulipoliweka. Mwanzoni mwa daftari tumeandika namba tatu. Kati ya 160, sarafu hutoa 80. Kulipa gharama kunataka 92. Ahadi ya W yake inataka 104. Akibadilisha neno lolote la kanuni njiani, hata umbali wa vibonde, anaanza tena kuhesabu kutoka 1.